Visanduku vitatu na mishale yake

Ukifungua slaidi za kozi ya kumbukumbu, iwe ni Likasi au Nairobi, utakuta mchoro uleule: visanduku vitatu vimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Cha kwanza ni kumbukumbu ya hisi, cha pili ni ya muda mfupi, cha tatu ni ya muda mrefu, na kati yake kuna mishale. Mchoro huo umetokana na Richard Atkinson na Richard Shiffrin, wanasaikolojia wa Marekani waliouchapisha mwaka 1968. Mwanafunzi hukariri majina ya visanduku, akaandika na sababu za kusahau chini yake, basi akaona amemaliza. Lakini visanduku ndivyo vyepesi. Kusahau kwenyewe hutokea zaidi kwenye mishale, mahali ambapo kitu kilipaswa kuvuka na hakikuvuka, au kilivuka na njia ya kukirudia ikapotea.

Tumchukue mama wa kubuni, muuza samaki wa Kapolowe, pale kati ya Likasi na Lubumbashi. Samaki wake ni wa ziwa Tshangalele, lililotokea bwawa la Mwadingusha lilipozuia maji ya mto Lufira mwaka 1930. Anapima kambale huku simu iko sikioni, na mteja wa Likasi anamtajia nambari mpya ya dereva atakayebeba mzigo.

Sauti zote za soko zinamfikia: nambari, makelele ya pikipiki, mtoto anayelia. Zote zinashikwa kwa muda mdogo sana, hata zile asizozijali. Ndiyo maana mtu akikuuliza jambo ukiwa na shughuli, unasema “unasemaje?” na kabla hajarudia tayari umeshamjibu: mwangwi wa maneno yake ulikuwa bado sikioni. Kwa macho, George Sperling alilipima jambo hili mwaka 1960. Aliwaonyesha watu herufi kumi na mbili, mistari mitatu ya herufi nne nne, kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Walipotakiwa kutaja zote, walitaja nne au tano tu, ingawa wenyewe walidai wameziona zote. Basi akabuni hila. Mara herufi zilipotoweka, alipiga mlio wa juu, wa kati au wa chini, kuonyesha ni mstari upi utajwe. Sasa walitaja kama tatu kati ya nne za mstari wowote ule. Kwa kuwa hawakujua mapema ni upi utakaoulizwa, lazima herufi nyingi zaidi zilikuwa bado machoni. Mlio ulipocheleweshwa kwa sekunde moja, faida hiyo ilikwisha.

Kinachovusha kitu kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha pili ni kukizingatia. Mama wetu akigeukia mizani wakati nambari inatajwa, hatasahau nambari hiyo, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo. Slaidi huliita jambo hili kushindwa kusimba, nami naliona ndilo linalostahili kutajwa kwanza. Jaribu kuchora kwa kumbukumbu upande wa nyuma wa noti ya faranga unayoitumia kila siku. Raymond Nickerson na Marilyn Adams waliwapa Wamarekani kazi ya namna hiyo mwaka 1979, kwa sarafu yao ya senti moja, na wengi walishindwa. Kuona kitu mara elfu si kukihifadhi.

Tuseme mama amezingatia. Nambari ina tarakimu kumi, na kisanduku cha pili ni kidogo. George Miller aliandika mwaka 1956 kuwa kinabeba vitu kama saba, viwili zaidi au viwili pungufu. Watafiti wa baadaye, Nelson Cowan miongoni mwao, wanasema kama vinne, kurudiarudia kukizuiwa. Kinachomwokoa mama ni kufunga mafungu. Akiichukua nambari mbili mbili, tarakimu kumi zinakuwa vitu vitano, naye anavirudia midomoni hadi apate kalamu. Akiulizwa bei katikati ya kurudia, nambari imekwenda.

Imekwendaje? Hapa slaidi nyingi hujibu kwa haraka kuliko ushahidi. Mwaka 1959 Lloyd Peterson na Margaret Peterson waliwapa watu konsonanti tatu, kisha wakawaamuru wahesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu ili wasipate nafasi ya kurudia. Baada ya sekunde tatu wengi walikumbuka. Baada ya sekunde kumi na nane karibu wote walishindwa. Jibu lililoandikwa vitabuni likawa kwamba alama hufifia kwa muda. Lakini mwaka 1962 Geoffrey Keppel na Benton Underwood waliangalia jaribio la kwanza kabisa la kila mtu, kabla hajaona herufi nyingine zozote, wakakuta hata baada ya sekunde kumi na nane karibu hakuna kilichosahaulika. Kushindwa kulianza majaribio yaliporundikana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya lawama ni ya mambo yaliyotangulia kuingiliana na yaliyofuata, wala si saa peke yake. Mama wa Kapolowe anaijua hali hiyo: bei ya juzi inamtoka mdomoni badala ya bei ya leo. Na kuna kinyume chake pia, pale bei mpya inapoifuta ya zamani, hadi mteja wa mkopo aje na wabishane ni ngapi walipatana. Dalili ni aina ya kosa lenyewe: mara nyingi mtu aliyeingiliwa hakai kimya, hutaja kitu halisi cha siku nyingine.

Kisanduku cha tatu hakina ukomo unaojulikana, na tatizo lake kubwa ni kurudisha. Endel Tulving na Zena Pearlstone, mwaka 1966, waliwapa wanafunzi orodha ya maneno yaliyopangwa kwa makundi. Walioachwa wakumbuke wenyewe walikwama. Waliopewa majina ya makundi walitaja mengi zaidi, na wale wa kwanza walipopewa majina hayo baadaye, nao waliongeza. Maneno yalikuwemo muda wote. Kilichokosekana ni kidokezo.

Kuhusu vidokezo, Katanga ina mfano unaostahili slaidi yake. Katika ufalme wa Waluba, watu wa chama cha Mbudye walitunza historia ya wafalme kwa lukasa, ubao wa mti unaotosha kiganja, wenye shanga na michongo. Mwenye ujuzi aliushika kwa mkono wa kushoto na kuusoma kwa kidole cha mkono wa kulia: ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ungeweza kuwa mfalme na watu wake, mstari wa shanga ungeweza kuwa njia ya safari. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliochunguza mbao hizo na kuandaa maonyesho juu ya sanaa na kumbukumbu za Waluba mjini New York mwaka 1996, walionyesha kuwa masimulizi hayakuwa ndani ya ubao. Yalikuwa ndani ya msomaji aliyefundishwa kwa miaka, na ubao mmoja uliweza kutoa simulizi tofauti kwa wasomaji wawili, au kwa msomaji mmoja katika hafla mbili. Lukasa zilizofika makumbusho bila wasomaji wake leo zinaonyesha rangi na mpangilio wa shanga zake, na jina la mfalme aliyewakilishwa na ushanga fulani halisomeki tena kwa kuutazama tu.