Picha ya Koki Bila Rula

Koki ya uani imeharibika, mwenye nyumba anaipiga picha na kuituma dukani kwa simu. Muuzaji anajibu kwa swali: nusu inchi au robo tatu?

Kwa picha tupu hajui. Hata kuhesabu hesi hakumsaidii, maana saizi zote mbili zina hesi 14 kwa kila inchi. Kinachozitofautisha ni unene, na huo hauonekani bila kipimo. Basi koki ifunguliwe, ilazwe kando ya rula, na simu ishikwe juu yake wima; ikipigwa kimshazari, vipimo hudanganya.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwenye nyumba akisoma milimita 26 kwenye hesi za nje, huagiza ya inchi moja, kwani inchi ni milimita 25.4. Kumbe hiyo ni robo tatu! Majina haya yalitokana na tundu la bomba la chuma, si unene wa nje. Nusu inchi husoma kama milimita 21, inchi moja 33.

Picha ya pili ionyeshe mdomo, muuzaji aone kama hesi ziko ndani au nje.