Sarafu Kwenye Pindo la Kanga

Bibi aliletwa chumba cha siti skani baada ya kuteleza bafuni. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa ya bandia, chuma kilichopigiliwa ndani ya mfupa wa paja miaka mingi nyuma, na daktari wa mifupa alitaka kujua jambo moja: mfupa unaokishika kile chuma umepasuka au haukupasuka?

Picha ya kwanza haikumpa jibu. Kutoka kwenye nyonga ilitawanyika michirizi myeupe na myeusi, ikakata nyama na mifupa hadi upande wa pili wa mwili. Juu kidogo, usawa wa kiuno, kulikuwa na mlipuko mwingine mdogo wa michirizi usiohusiana kabisa na nyonga. Nilimwendea kitandani, nikapapasa kanga yake, nikakuta sarafu tatu zimefungwa kwenye pindo. Kosa lilikuwa letu. Tulimuuliza kuhusu hereni na pini za nywele, pindo la kanga hatukuligusa.

Watu wengi hudhani siti skani hupiga picha kama kamera. Sivyo. Bomba la mionzi humzunguka mgonjwa, na upande wa pili vipokezi hupima ni mionzi kiasi gani imepenya. Vipimo hivyo huchukuliwa kutoka mamia ya pembe, kisha kompyuta hukokotoa kila sehemu ya mwili ina uzito gani mbele ya mionzi: maji huhesabiwa 0, hewa -1000, na mfupa mgumu unaweza kupita 1000. Picha tunayoiona ni jibu la hesabu hiyo. Na hesabu huwa sahihi kwa masharti mawili: mwili usisogee, na mionzi ya kutosha ipenye kutoka kila pembe.

Chuma huvunja sharti la pili. Mionzi inayotoka kwenye bomba ni mchanganyiko wa dhaifu na yenye nguvu. Chuma humeza ile dhaifu kwanza, na penye chuma kinene karibu yote huishia humo, kipokezi kikaambulia chembe chache zisizotosha kupimia. Kwa kuwa kompyuta husambaza kila kipimo kwenye mstari mzima ambao mionzi ilipita, kosa la mahali padogo huwa mchirizi mrefu. Ndiyo maana sarafu ya kiunoni huharibu hata sehemu iliyo mbali nayo.

Kusogea huvunja sharti la kwanza. Godfrey Hounsfield na wenzake walipompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, kila kipande cha picha kilichukua dakika kadhaa, na kilichopimwa ni kichwa, kiungo kinachoweza kushikiliwa kikatulia. Leo mzunguko mmoja huchukua nusu sekunde au chini ya hapo, lakini nyonga nzima huhitaji sekunde kadhaa, na mguu unaouma hautulii. Kwenye picha ya Bibi mfupa wa paja ulikuwa na ngazi, kana kwamba umekatika na kuhama. Nikatazama ngozi kwenye kipande kilekile: nayo ilikuwa na ngazi. Mfupa ukivunjika, ngozi haikatiki pamoja nao kwa mstari mmoja. Alikuwa ametikisika.

Kabla ya kurudia, muuguzi alimpa dawa ya maumivu na tukaingoja ifanye kazi. Tuliweka mto chini ya magoti, tukafunga mikanda laini. “Bibi, mashine itavuma. Usiinue mguu mpaka nije mwenyewe.” Kisha nikapandisha umeme wa bomba kutoka kilovolti 120 hadi 140 ili mionzi ipenye chuma zaidi. Hilo lina gharama yake: nyama laini huanza kufanana, na mgonjwa anaweza kupata mionzi mingi zaidi, kwa hiyo sifanyi hivyo kwa kila mtu.

Michirizi ilipungua, haikuisha. Hapo ndipo inapoingia programu ya kupunguza athari za chuma. Hutafuta chuma kilipo, hufuta vipimo vyote vilivyopita ndani yake, hujaza mapengo kwa kukadiria kutoka vipimo vya jirani, hukokotoa picha upya, kisha hurudisha chuma mahali pake. Matokeo hupendeza macho, nami huyaogopa kidogo kwa sababu hiyohiyo. Kilichojazwa ni makadirio, na karibu kabisa na chuma programu inaweza kufuta ukuta mwembamba wa mfupa au kuchora pengo lisilokuwepo. Kwa hiyo hutuma seti zote mbili, iliyosahihishwa na ya asili, ili zitazamwe pamoja.

Ya Bibi ilitazamwa hivyo. Ile ngazi haikuwepo tena. Lakini chini kidogo ya ncha ya chuma ulionekana ufa mwembamba, ukipinda kufuata mfupa badala ya kunyooka kama mchirizi, nao ulikuwepo kwenye seti zote mbili, ngozi ikiwa laini bila mkato. Daktari wa mifupa aliupima kwenye seti ya asili.