Je, Wajua? Ndege Yako Inatua London Saa Ngapi?

Je, wajua kwamba katikati ya Desemba, jua la London huzama kabla ya saa 10 alasiri? Tarehe 21 hivi linaaga saa 9:53. Huku kwetu muda huo watoto bado wanacheza mpira, na kule taa za barabarani zimeshawaka.

Sasa shika hii: Juni, jijini humohumo, jua linazama saa 3:21 usiku! Ukitua saa 1 jioni una zaidi ya saa 2 za mwanga wa kutafutia hoteli. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa ni kama dakika 10 tu. London ni karibu saa 9. Ndiyo maana sisi wa karibu na Ikweta hatuna hata mazoea ya kuuliza jua linazama saa ngapi.

Unajua kwamba ndege ya mchana inaweza kukufikisha gizani zaidi kuliko ya usiku? Piga hesabu nami. Desemba, unaondoka Nairobi saa 3:30 asubuhi na safari ni kama saa 9, kwa hiyo saa ya mkononi itasema 12:30 jioni. London iko nyuma kwa saa 3, basi umetua saa 9:30 alasiri. Unaona bado mchana? Pitia uhamiaji, ngoja begi, na ukitoka nje ni saa 11 jioni, giza totoro, na treni zimejaa watu wanaotoka kazini.

Geuza sasa. Ondoka saa 5:30 usiku, utatua saa 11:30 alfajiri. Bado giza, maana jua la huko Desemba huchomoza karibu saa 2 asubuhi, lakini giza hili linakwenda kuisha. Foleni ya pasipoti, begi, kikombe cha chai, na unaibuka mjini kunapambazuka. Siku za kazi, treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly imeshaanza kutoka Heathrow, na hadi katikati ya jiji ni kama saa nzima. Mimi hiyo ndiyo ninayoichagua, ingawa shingo hulalamika.

Ila subiri! Je, wajua kwamba umefika na chumba huna? Hoteli nyingi hufungua vyumba kwa wageni wapya saa 8 au saa 9 mchana, na wewe uko mlangoni saa 3 asubuhi umevimba macho. Begi watakutunzia, kitanda hapana. Anayetaka kitanda palepale hulipia chumba kuanzia usiku uliotangulia. Na hapa ndipo wengi hunaswa: usipowaandikia kwamba utafika alfajiri, wataona usiku umepita bila wewe, wakuhesabu hukuja, na chumba apewe mwingine. Ujumbe mmoja mfupi unatosha, na hakikisha wamejibu.

Hii nayo? Tarehe ya tiketi hugeuka saa 6 usiku kamili. Tiketi ikisema 00:20 tarehe 15, uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 14! Ukienda jioni ya 15, ndege yako imeondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Je, wajua kwamba usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi treni ya Piccadilly hukesha? Inapita Heathrow mpaka alfajiri, lakini haifiki Jengo la 4. Kwa hiyo ukichelewa, angalia jengo unalotua kabla hujaona raha. Siku nyingine kuna basi la usiku, N9, la polepole lakini linakwenda mpaka katikati ya mji.

Na hii ndiyo kiboko yao: tarehe 25 Desemba, London nzima haina treni wala basi la mjini! Hakuna Piccadilly, hakuna N9, hakuna treni ya kasi ya uwanjani. Jiji la mamilioni ya watu, na vituo vyote vimefungwa siku nzima. Ndege, lakini, zinatua, na tiketi ya siku hiyo yaweza kukuvutia kwa bei. Ukiinunua, utategemea teksi, au yale mabasi machache ya masafa marefu ambayo lazima uyakatie nafasi mapema. Ukiamua kuwahi tarehe 24, tua asubuhi, kwa sababu jioni hiyo treni huanza kufunga mapema kuliko kawaida.