Kosa Moja, Maswali ya Ngazi Tatu

Darasa la Tano wanarudia kujumlisha sehemu. Mwalimu amepitia madaftari na kukuta kosa lile lile: 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwanafunzi amejumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili.

Wanaoyumba anawapa vipande vya karatasi wakunje. Wanaanza na 1/4 + 2/4, kisha 1/2 + 1/4, wakiona kwa macho kwamba nusu ni robo mbili. Wa kati wanafanya 2/3 + 1/4: wanatafuta KDS, yaani 12, na kupata 11/12. Wanaomudu hawaongezewi idadi ya maswali (hiyo ni adhabu ya kuwahi kumaliza). Wanapewa lile jibu la 2/5 waonyeshe, bila kukokotoa, kwa nini haliwezekani. Atakayegundua kuwa 2/5 ni ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo ameelewa kweli.

Makundi hupangwa kwa daftari la wiki hii, si kwa nafasi ya mtihani. Hodari wa kuzidisha naye anaweza kuanzia kwenye karatasi. Mwishoni wote wanajibu 1/2 + 1/3. Anayeandika tena 2/5, kesho anarudi kwenye vipande, avigawe vyote katika sita.