Nipe Mji: mchezo wa methali ambao babu hawezi kuushinda peke yake

Siku ya Idi au Krismasi, ukoo ukishakula, mara nyingi huwapo mtu anayependekeza mchezo wa methali. Mmoja anataja kipande cha mwanzo, wengine wanamalizia. "Haba na haba," anasema mjomba. "Hujaza kibaba," wanaitikia. Kwa dakika chache unanoga. Kisha inaonekana wazi kwamba bibi anazijua zote, vijana wanajua zile za mtihani tu, na watoto hawana la kusema. Mtoto wa kwanza anainuka kwenda kucheza nje, wa pili anamfuata, na mchezo umekwisha.

Kasoro ipo katika ujenzi wa mchezo wenyewe. Kumalizia methali ni kupima kumbukumbu, na katika kumbukumbu aliyeishi miaka sabini atamshinda wa miaka tisa kila mara. Ukitaka rika zote zibaki mkekani, mchezo lazima uwe na kazi mbili tofauti: moja ambayo mtoto anaweza kumzidi mzee, na nyingine ambayo mzee anamzidi mtoto, tena pointi zisipatikane mpaka kazi zote mbili zifanyike. Mchezo ninaoueleza hapa, ambao unaweza kuutengeneza nyumbani kwa karatasi na kalamu, umejengwa juu ya wazo hilo. Tuuite Nipe Mji.

Kazi ya kwanza ni kubahatisha neno. Kila kadi ina methali moja, na katika methali hiyo neno moja limepigiwa mstari. Hilo ndilo neno la siri. Mwelezaji analieleza kwa wenzake bila kulitaja, nao wanabahatisha. Chini ya methali yameandikwa maneno matatu marufuku, yale ambayo ulimi ungeyakimbilia kwanza. Mbinu hii ya maneno marufuku ilienezwa na mchezo wa Taboo uliotoka Marekani mwaka 1989. Sisi tunaongeza kwamba maneno yote ya methali yenyewe ni marufuku pia. Hapa watoto hung'ara, kwa sababu hawaoni aibu kukosea; hurusha majibu kumi wakati mtu mzima bado anapima moja.

Kazi ya pili inaanza neno linapopatikana: timu itaje methali ambamo neno hilo limo. Na hapa ndipo penye sheria inayobeba mchezo mzima: neno na methali visitoke katika kinywa kimoja. Bibi akiwahi kulitaja neno, amejifungia mlango wa methali, na sasa mjukuu ndiye atakayehangaika kuikumbuka. Baada ya raundi mbili tu bibi anajifunza kunyamaza, awaachie watoto neno, naye angoje zamu yake. Neno lina pointi 1, methali ina pointi 2.

Tuchukue kadi moja tuone inavyokwenda. Methali ni "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Neno la siri ni ufa. Marufuku ni nyumba, pasuka na matofali. Mwelezaji ni kijana wa sekondari. Anasema: "Unaanza mwembamba sana, kisha unatanuka kidogo kidogo. Mjusi hupenda kujificha humo." Mtoto wa darasa la tatu anarusha: "Tundu! Shimo! Pango!" Bibi anamgusa bega: "Mjukuu wangu, kasema unaanza, unatanuka. Tundu lingekuwa linaanza." Mtoto anatulia kidogo: "Mfereji? Ufa!" Ndipo bibi anaitoa methali nzima, na timu imepata pointi 3.

Msaada alioutoa bibi ni halali, na ni utamu ambao mchezo huu unaupata kwa kuchezwa kwa Kiswahili. Mwelezaji hawezi kufungua kinywa bila kuonyesha ngeli ya neno lake: kinatumika, linavunjika, wanaruka, unatanuka. Msikilizaji makini huyakata majibu mengi kwa silabi hiyo moja. Wapo watakaotaka kuizuia wakidhani ni udanganyifu. Usiizuie. Mwelezaji akilazimishwa kuficha upatanisho atasema Kiswahili kibovu, na mtoto atakosa somo la ngeli analolipata bila kujua kwamba ni somo.

Kinachopaswa kuzuiwa ni mzizi. Kwa "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," neno la siri ni jembe, na marufuku ni lima, shamba na mpini. Mwelezaji mjanja atasema "chombo cha mkulima" na kudai kwamba mkulima si lima. Amua mapema: neno likiwa marufuku, yote yaliyozaliwa nalo ni marufuku, yaani mkulima, kilimo, ulimaji. Lakini mlima wa kupanda unaruhusiwa. Sauti zinafanana ila ukoo ni mwingine. Kulitaja neno kwa Kiingereza au kwa lugha ya nyumbani pia ni marufuku, la sivyo watoto wa mjini watamaliza kila kadi kwa sekunde mbili.

Kosa jingine, lisiloonekana mpaka mchezo uanze, ni kueleza mafunzo ya methali badala ya kueleza neno. Mwelezaji akishika kadi ya jembe na kusema "mtu akija kukaa kwako muda mrefu," mzee ataifyatua methali nzima papo hapo, na mtoto hakuwa na nafasi hata ya kubahatisha. Kwa hiyo sheria iwe: eleza kitu, usieleze hekima. Jembe ni chombo cha chuma kinachoshikwa kwa mikono miwili. Mambo ya mgeni yanangoja.

Ugumu wa kuutengeneza mchezo huu uko katika uteuzi wa kadi. Methali nyingi nzuri hazifai kwa sababu hazina neno la kueleza. "Hasira hasara" ni fupi na tamu, lakini maneno yake mawili ni vigumu kuyaeleza kwa mtoto. Tafuta methali yenye kitu kinachoonekana au kushikika: kisima, ngazi, mawingu, koleo, mvungu, buyu. Neno la zamani lisikutishe, mradi kitu chenyewe kinaelezeka. Kibaba, kwa mfano, ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtoto aliyewahi kutumwa dukani kununua mchele ataelewa.

Hata methali ya mabaharia, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani," inawezekana ukilichagua neno vizuri. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Mtoto wa bara hawezi kueleza ngama. Lakini neno la siri likiwa omo, atamweleza mwenzake sabuni ya unga ya kufulia, naye atalipata. Kisha mzee aliyekulia pwani atatoa methali, na mtoto atajua kwamba neno analoliona kwenye pakiti ya sabuni ni pia mbele ya jahazi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeipata kadi hiyo mwenyewe.

Methali zina sura zaidi ya moja, na hapo ugomvi huzuka. Kwenu wanasema "Simba mwenda pole ndiye mla nyama," kwingine ni "mwenda kimya." Mchimba kisima kwa mwingine ni mchimba shimo. Kubali sura yoyote iliyobeba neno la siri na maana ileile. Na neno likiwa limo katika methali nyingine kabisa, nayo ikubaliwe. Kadi yako inasema "Mgeni siku mbili," bibi anasema "Mgeni njoo, mwenyeji apone": mpe pointi zake. Ukimnyima unamwadhibu kwa kujua zaidi ya kadi. Kukiwa na shaka kama methali ipo kweli, fungua Kamusi ya Methali ya K. W. Wamitila au mkusanyo wowote ulio nyumbani.

Sasa vifaa. Karatasi ya manila ya ukubwa wa A4 hukatika kadi tisa ukiigawa mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana, kwa hiyo karatasi tisa hutoa kadi 81. Andika kwa herufi kubwa ili mzee asitafute miwani. Gawa watu sita katika timu mbili, kila timu ikiwa na mzee, kijana na mtoto. Zamu ya kueleza huzunguka, na kila zamu ni dakika moja ya saa ya simu. Mtoto ambaye hajajua kusoma ananong'onezewa kadi na mtu wa timu pinzani, naye anaruhusiwa kuigiza kwa vitendo. Kila mtu akieleza mara mbili, zamu ni 12, na kwa kadi nne hivi kila zamu mtatumia kadi zipatazo 48.

Jina la mchezo linatoka kwenye vitendawili, ambako aliyeshindwa huombwa mji kabla ya kuambiwa jibu. Timu ikipata neno lakini ikakosa methali, kadi huwekwa kando. Dakika ikiisha, wapinzani wanasema, "Tupeni mji." Walioshindwa wanataja mji, wapinzani wanaitoa methali na kuchukua zile pointi 2. Mwisho wa zamu, wapinzani wanachagua kadi moja iliyopatikana, na mdogo kuliko wote katika timu anaeleza tukio ambalo methali hiyo ingesemwa: ndoo iliyovuja kidogo ikaachwa, mpaka siku moja ikapasuka kabisa. Wazee wa pande zote mbili wakiridhika, ni pointi 2 nyingine. Hapo ndipo utakapojua kama methali imeeleweka au imekaririwa tu.

Kabla ya sikukuu, jaribu kadi zako na watu wachache na uweke alama. Kadi iliyopatikana kabla mwelezaji hajamaliza sentensi ya kwanza inahitaji marufuku makali zaidi. Kadi ambayo hakuna aliyeipata mara mbili, badilisha neno la siri kabla ya kuitupa. Na ukiona mtoto amekaa zamu tatu bila kusema kitu, maneno yako ni ya watu wazima mno. Punguza dhana, ongeza vitu.

Kadi hamsini za kwanza utazitoa kichwani na vitabuni. Zilizobaki waombe wazee wa kwenu, na ziandike jinsi wanavyozitamka wao.