Mgando wa Pigo: Kinacholipa Rungu Uzito Kwenye Gemu

Mgando wa pigo, ambao watengenezaji wa gemu huuita pia hitistopu, ni kusimama kwa muda mfupi sana kwa mpigaji na mpigwaji pale silaha inapogusa mwili. Rungu linashuka, linamfikia adui, na wote wawili wanaganda. Kisha adui anarushwa nyuma na mkono wa mpigaji unamalizia safari yake. Mchezaji wa kawaida haoni kwamba kuna kilichosimama. Anachohisi ni kwamba rungu ni zito na kwamba limempata mtu.

Sababu iko kwenye muda. Gemu nyingi za mapigano huchora picha, yaani fremu, 60 kwa sekunde, hivyo kila fremu hukaa kwenye skrini kwa takribani milisekunde 17. Pigo la kasi likiachwa lipite bila kusimama, picha ya rungu likiwa juu ya bega la adui huonekana kwa fremu moja au mbili tu, na jicho haliwahi kuishika. Rungu linaonekana kama limepita hewani. Mgando huishikilia picha hiyo hiyo kwa fremu kadhaa, na papo hapo humwonyesha mtazamaji kwamba silaha imekutana na kitu kilichoizuia. Katika maisha ya kawaida pia, shoka likiingia kwenye gogo hukwama kidogo. Likipita bila kukwama, limekosa.

Urefu wa mgando hufuata nguvu ya pigo. Mfano unaojulikana vizuri ni Super Smash Bros. Melee, gemu ya Nintendo ya mwaka 2001. Humo, kwa pigo la kawaida, idadi ya fremu za mgando hupatikana kwa kugawa madhara ya pigo kwa 3, kujumlisha 3, na kuacha desimali. Pigo jepesi lenye madhara 3 hugandisha fremu 4. Pigo zito lenye madhara 15 hugandisha fremu 8, sawa na sekunde 0.13 hivi. Kuna pia kikomo cha juu, fremu 20. Gemu hiyo huchezwa na watu hadi wanne kwa pamoja, na wawili wakigongana, wale wengine huendelea kukimbia na kuruka kama kawaida.

Hapo ndipo kazi ya msimbo inapoanza. Njia rahisi, ambayo wanaoanza wengi huishika kwanza, ni kusimamisha saa ya gemu nzima. Katika injini ya Godot, kwa mfano, hilo hufanywa kwa kuweka `Engine.time_scale` kuwa 0 na kuirudisha kuwa 1 baadaye. Tatizo la kwanza huonekana mara moja: kila kinachofuata saa hiyo husimama, kuanzia moto wa mwenge ukutani na adui wa tatu aliye mbali hadi cheche zilizotakiwa kuruka kutoka kwenye pigo lenyewe. Tatizo la pili ni baya zaidi. Kipima muda kilichoundwa kwa `create_timer` huhesabu kwa saa ya gemu kisipoelekezwa vingine, na saa ikiwa imesimama, kipima muda hakifiki mwisho kamwe. Gemu inaganda moja kwa moja. Na hata hilo likirekebishwa, mapigo mawili yakifuatana kwa karibu, kipima muda cha pigo la kwanza huifungulia saa kabla mgando wa pigo la pili haujaisha.

Njia iliyo imara ni kumpa kila mhusika hesabu yake mwenyewe ya fremu za mgando. Injini ya Godot huendesha hatua za fizikia 60 kwa sekunde isipobadilishwa, kwa hiyo hesabu inaweza kupunguzwa kwa 1 katika kila hatua:

```gdscript
var mgando := 0

func gandisha(fremu: int) -> void:
    mgando = maxi(mgando, fremu)
    anim.speed_scale = 0.0

func _physics_process(_delta: float) -> void:
    soma_vitufe()
    if mgando > 0:
        mgando -= 1
        if mgando == 0:
            anim.speed_scale = 1.0
        return
    move_and_slide()
```

Pigo la rungu lenye mgando wa fremu 8 huonyesha jinsi msimbo huu unavyofanya kazi. Rungu likigusa, `gandisha(8)` huitwa kwa mpigaji na kwa adui. Uhuishaji wao hushuka hadi kasi 0 na kubaki kwenye picha ya mgusano. Kasi ya kumrusha adui huandikwa papo hapo kwenye mwili wake, lakini haimsogezi, kwa sababu `return` huizuia hatua isifike kwenye `move_and_slide()`. Hesabu ikifika 0, kasi iliyokuwa imehifadhiwa huachiliwa yote, na adui huondoka kwa kishindo. Mwenge, cheche na adui wa tatu havijaguswa, kwa kuwa hakuna aliyeigusa saa ya gemu.

Mistari miwili ya msimbo huo inastahili kuangaliwa kwa karibu. `maxi` huchukua mgando ulio mrefu zaidi badala ya kujumlisha. Rungu likiwapata maadui watano kwa pamoja na mgando ukajumlishwa, mpigaji atasimama fremu 40, karibu theluthi mbili za sekunde. Nayo `soma_vitufe()` imewekwa kabla ya ukaguzi wa mgando kwa makusudi. Wachezaji hubonyeza pigo la pili wakati la kwanza likiwa bado limeganda. Vitufe visiposomwa na kukumbukwa wakati huo, mibonyezo hupotea na gemu huonekana nzito mkononi.

Kosa jingine la kawaida hutokana na rungu kubaki juu ya mwili wa adui muda wote wa mgando. Msimbo ukiuliza kila fremu kama vinagusana, jibu litakuwa ndiyo kila mara, mgando utaanzishwa upya kila mara, na wawili hao hawatafunguka tena huku uhai wa adui ukiyeyuka. Dawa yake ni kila pigo kubeba orodha ya waliokwisha kupigwa, na aliyemo asihesabiwe mara ya pili.

Mwili uliosimama kabisa unaweza kuonekana umekufa, kwa hiyo mpigwaji hutikiswa kushoto na kulia kwa pikseli mbili au tatu. Kinachotikiswa ni picha yake tu. Mwili wa fizikia ukitikiswa unaweza kupenya ukutani. Silaha za kurusha zina utaratibu wake: mshale ukimpata adui, adui huganda peke yake, kwa maana mkono wa mrushaji haukukutana na kitu.

Kuthibitisha kwamba mgando umewashika wanaohusika tu, mgando huongezwa kwa muda hadi fremu 60, kisha pigo moja hupigwa mbele ya mwenge na adui wa tatu. Kwa sekunde nzima wanaopaswa kusimama ni wawili. Akisimama mwingine yeyote, bado kuna mahali msimbo unagusa saa isiyo ya wapiganaji.