Shanga, Pumzi na Sala: Kwa Nini Kurudia Neno Hutuliza Moyo



Mwaka jana usharika mmoja wa huku pwani ulileta ofisini kwetu maombi mawili yanayopingana. Wahudumu wanaotembelea wagonjwa majumbani waliomba fedha za kununua shanga za sala 40, ili wawape wagonjwa wa presha na wafiwa wasiopata usingizi. Wiki hiyo hiyo wazee wa kanisa wakaandika kuomba jambo hilo lisiruhusiwe kabisa. Nilipofika kwenye kikao, mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Mratibu, sisi ni Walutheri. Tukianza kuvuta tasbihi, watoto wetu watatuuliza tumehamia wapi." Mama aliyekuwa kiongozi wa wahudumu akamjibu kwa upole, "Shikamoo mzee wangu. Sisi hatutaki kuhama. Tumeona wagonjwa wanatulia, na hatujui kwa nini."

Swali la mama yule ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu jibu lake ndilo lililotusaidia kuamua kuhusu fedha.

TUNAYOYAONA KILA SIKU

Anayeishi Tanga hahitaji kusafiri ili aone shanga za sala. Jirani Mwislamu akimaliza swala hushika tasbihi yake, yenye punje 33 au 99, akamtukuza Mungu mara 33, akamshukuru mara 33, kisha akatangaza ukuu wake hadi kutimiza 100. Asiye na tasbihi huhesabu kwa pingili za vidole. Mwezi Mei na Oktoba jirani Mkatoliki huenda na jumuiya yake nyumba kwa nyumba kusali Rozari, ambayo ina mafungu matano ya Salamu Maria kumi kumi. Wahindu wanazo shanga zao za punje 108. Familia nyingi za hapa zina watu wa imani zaidi ya moja, kwa hiyo wagonjwa wetu waliona mambo haya kwa shangazi au kwa mashemeji kabla ya mhudumu yeyote kuwaeleza.

Imani hizi hazifanani, wala anayeombwa haelezwi kwa namna moja. Lakini mwili unaosali ni mmoja, na mwili huo una utaratibu wake unaoweza kupimwa.

KINACHOFANYA KAZI NI UREFU WA PUMZI

Mwaka 2001 daktari wa Kiitalia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo kilichofanywa kwa watu 23 wenye afya. Watu hao walisali Salamu Maria kwa Kilatini, na wakati mwingine wakarudia maneno ya sala ya Wabudha wa Tibeti. Katika hali zote mbili pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika. Mtu mzima aliyekaa kimya huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo walikuwa wakipumua kwa mwendo wa nusu au chini yake.

Sababu si ya ajabu. Rozari husaliwa kwa kupokezana: kiongozi anasema nusu ya kwanza, wengine wanaitikia nusu ya pili. Wakati kiongozi anasema, wewe unavuta pumzi. Unapoitikia, unaitoa polepole, maana huwezi kusema huku ukivuta hewa. Duru nzima huchukua karibu sekunde kumi, na dakika moja ina duru sita. Hakuna aliyeambiwa apunguze pumzi. Sentensi yenyewe imempimia.

Sekunde kumi hizo zinaoana na jambo lililomo mwilini. Katika mishipa mikubwa ya damu, shingoni na kifuani, kuna sehemu zinazohisi msukumo wa damu. Msukumo ukipanda, sehemu hizo hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huuagiza moyo upunguze mwendo. Kupanda na kushuka huko kuna mzunguko wake, nao ni karibu sekunde kumi. Pumzi ikienda kwa mwendo huo huo, mambo hayo mawili husaidiana, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana bila kugonganisha michi. Bernardi aliona kwamba wakati wa kusali mwili uliitikia mabadiliko ya msukumo wa damu kwa wepesi zaidi.

Shanga hazipunguzi pumzi. Kazi yake ni kuhesabu, ili akili isihangaike na idadi, na kuupa mkono kitu cha kushika. Mtu akiharakisha ili amalize fungu, anaweza kuzungusha uzi mzima bila mwili wake kutulia.

KWA NINI MAWAZO NAYO HUPUNGUA

Hilo ni la mwili. La mawazo lina sababu nyingine, nayo unaweza kuijaribu mwenyewe. Jaribu kusema jedwali la saba kwa sauti huku ukipanga moyoni utakavyomweleza mwenye duka kuhusu deni lako. Kimoja kitakatika. Wasiwasi wa usiku mara nyingi huja kama maneno tunayojisemea ndani, na ulimi wa ndani ni mmoja tu. Ukipewa sentensi fupi ya kurudia, nafasi ya maneno mengine inapungua. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli waliwapima watu wasio na mazoea ya kutafakari. Waliwaambia warudie kimoyomoyo neno moja tu la Kiebrania lenye maana ya "moja", na picha za ubongo zikaonyesha shughuli ikipungua katika sehemu nyingi, hasa zile zinazofanya kazi tunapozama katika mawazo yetu wenyewe.

Hata hivyo si kila mdundo unatuliza. Tuchukue dhikri za tarika ya Kadiria, iliyoenea Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, sehemu kubwa kwa juhudi za Sheikh Uwais wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Wanaume husimama kwa safu au duara, wakiinama na kuinuka, na pumzi ikitolewa kwa nguvu na kwa kasi inayozidi. Mdundo huo huamsha na kuunganisha watu, na wenyewe hawaufanyi ili wapate usingizi. Sisi pia tuna mapambio yetu ya haraka yenye kazi hiyo hiyo. Anayetaka kumtuliza mgonjwa atafute mdundo wa polepole.

NJIA ILIYOKUWA NYUMBANI KWETU

Wazee walikuwa na hoja ya kweli: katika Mathayo 6:7 Bwana wetu anaonya juu ya kuomba kwa maneno mengi yasiyo na moyo. Luther naye alichukia sala za kuhesabiwa kama malipo. Lakini mwaka 1535 alipomwandikia kinyozi wake Petro namna ya kuomba, hakumwambia atafute maneno mapya kila siku. Alimshauri ashike Amri, Imani na Sala ya Bwana, na kila sehemu aipitie kwa fundisho, shukrani, toba na ombi, kama taji la nyuzi nne. Alimkumbusha pia kwamba kinyozi akiacha mawazo yazurure, wembe utakata pua ya mteja. Kurudia hakukuwa kosa kwake, mradi moyo uwepo. Na huko Uswidi, askofu Mlutheri Martin Lönnebo alibuni katika miaka ya 1990 shanga 18 za kuombea ambazo bado zinatumika. Kwa hiyo shanga peke yake haimtoi mtu katika Ulutheri.

Katika kikao kile tulifungua Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mstari unaishia kwa kiitikio kile kile. Kiongozi anasoma nusu ya kwanza, wengine wanaitikia. Ni mpangilio ule ule wa Rozari, na umekuwamo katika Biblia zetu siku zote. Tulijaribu kwa saa ya mkononi. Mara ya kwanza tuliharakisha kama kawaida ya kusoma kanisani, na mstari mmoja ukachukua sekunde sita. Tulipopunguza ukafika kumi. Mistari 26 kwa sekunde kumi ni dakika nne na theluthi moja. Mzee aliyenishika mkono ndiye aliyeongoza mara ya pili, na alipomaliza akasema, "Hii haina gharama."

Tukaamua fedha za shanga zisitolewe. Zilinunua vipimo viwili vya presha. Mgonjwa mwenye shanga zake mwenyewe hazuiwi kuzishika.

JINSI WAHUDUMU WANAVYOFANYA

Mhudumu akifika, hukaa kwanza na kusalimiana. Kisha, bila kumtangazia mgonjwa, huhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima na kuandika. Baada ya hapo husoma zaburi kwa kupokezana, na mgonjwa huitikia kwa sauti ya chini. Wakimaliza, huhesabu tena. Mjane mmoja tuliyemtembelea alianza na pumzi 22, na baada ya zaburi zilikuwa 13. Hiyo ni habari ya mtu mmoja na siku moja, wala haithibitishi zaidi ya hapo. Inamsaidia mhudumu kujua kama mwendo ulikuwa sahihi. Hesabu isiposhuka, mara nyingi kiongozi alikimbia.

Mambo manne yanahitaji uangalifu. Kwanza, Bernardi alipima watu wenye afya, na wakati wa kusali tu. Hakuonyesha kwamba presha inabaki chini siku zinazofuata. Kwa hiyo hakuna anayeacha vidonge vyake, na mhudumu aulize kuhusu vidonge kabla ya kufungua zaburi. Pili, mwenye pumu au anayehema kwa shida asilazimishwe kuvuta pumzi ndefu. Akisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, aache na apumue kawaida. Mtu mzima anayezidi pumzi 30 kwa dakika akiwa ametulia apelekwe hospitali mara moja. Tatu, kwa baadhi ya wafiwa ukimya ndio unaofungua kilio. Hilo si kosa, ila asiachwe peke yake.

La nne ni gumu kuliona. Kuna mtu ambaye kurudia kwake kumegeuka kifungo: anaanza upya kila anapodhani amekosea hesabu, na anaogopa kitu kibaya kitatokea asipokamilisha. Majirani zetu Waislamu huliita jambo hilo wasiwasi, na masheikh wao huwashauri watu wasiufuate. Alama yake ni kwamba mtu anamaliza akiwa na hofu zaidi kuliko alivyoanza. Huyo usimwongezee maneno ya kurudia. Mpelekeni kwa mchungaji, na pia kwa mganga wa kituo cha afya.

Sharika zinazotaka kuanza zianze na wahudumu wawili, saa yenye mshale wa sekunde, na daftari moja la kuandika hesabu za kabla na baada. Daftari hizo tutazipitia pamoja na kamati katika ziara za robo ijayo.